Shingo ya Atuganile

Siku ya kwanza Atuganile alipofika kwenye meza yangu pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, hakuuliza bei. Alilifuata koti jeupe la rangi ya maziwa lenye kola ya manyoya bandia, akapitisha mgongo wa mkono wake kwenye manyoya kinyume na yanavyolala, kisha akayapuliza. Mtu anayepuliza manyoya anatafuta chawa, au anatafuta sababu ya kushusha bei.

"Haya ni mapya," nikamwambia. "Si mtumba. Lebo hiyo hapo."

"Nimeiona, mama. Ila picha zako za stetasi zinayafanya yaonekane kama paka aliyenyeshewa."

Sikucheka, ingawa maneno yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimeleta makoti ya sufu kutoka kwa mwagizaji wa Kariakoo, laini, yenye manyoya marefu shingoni, nikitegemea baridi ya Juni. Baridi ilikuja, wateja hawakuja. Wa Mbeya mjini waliyashika, wakayasifu, wakaenda zao. Wa Makambako na Njombe, ambao ndio hasa wanaoganda, waliona picha za makoti yananing'inia kwenye hanga mbele ya turubai la bluu, hawakuagiza.

Atuganile alikuwa mtoto wa Tukuyu, amekuja mjini kufanya kazi kwenye studio ya picha nyuma ya soko, ile inayowavalisha watu suti kwenye kompyuta kwa ajili ya picha za kitambulisho. Alitaka tufanye hivi: mteja atume picha yake ya uso, yeye amvalishe koti langu, mteja ajione. Nikamuuliza atanikata kiasi gani. Akasema hataki hela. Anataka koti lile la maziwa, msimu ukiisha.

Mtu asiyetaka hela namwogopa kuliko anayetaka nyingi. Lakini msimu ukiisha koti lisilouzika linabaki kula nafasi, kwa hiyo nikakubali, nikaweka sharti moja: makoti yasivaliwe. Kola nyeupe ikishaguswa na shingo ya mtu imekwisha, mafuta ya nywele hayaombi ruhusa.

"Yatakaa kwenye hanga," akasema.

Jambo la kwanza aliloniamuru ni kuondoa turubai. Akanieleza, na nilimsikiliza kwa sababu alikuwa anaongelea bidhaa yangu. Shati lina ukingo, akasema, unalikata kwa mkasi wa kompyuta likakubali. Manyoya hayana ukingo. Kila unywele unaishia mahali pake, na katikati ya ncha unaona kilicho nyuma. Ukipiga picha mbele ya bluu, ncha zinabeba bluu, na ukimhamishia mteja wa Mafinga kola hiyo atakuwa kama amezungukwa na moshi wa bluu. Ukikata kwa mstari ili kuikwepa bluu, kola inakuwa kama boksi limebandikwa shingoni. Nikaweka shuka la kijivu.

Picha za kwanza zilikuwa hivi hivi. Kola ilikaa vizuri pembeni, lakini pale inapokutana na shingo na nywele palikuwa na kitu kinachokataa. Mteja mmoja wa Uyole aliniandikia kwamba anaonekana amechomekwa ndani ya kondoo.

Kisha Atuganile akaja na ombi. Mwanga wa sokoni ni mbaya, akasema, dirisha la studio lina mwanga laini. Aliomba achukue koti mojamoja. Nikamwambia aniachie kitambulisho chake cha taifa kila anapochukua, akatoa bila kununa. Hilo nalo halikunifurahisha. Mimi mtu akinidai kitambulisho nanuna.

Picha zilizofuata zilinishtua. Manyoya yalipanda yakagusa taya. Nyuzi za nywele zililala juu ya kola, nyingine zikazama ndani yake, na chini ya kidevu kulikuwa na kivuli chepesi mahali hasa ambapo kingekuwepo. Niliivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa vumbi, sikuona mahali koti linapoishia na mtu anapoanzia. Mwalimu wa Makambako akanunua. Mke wa mchungaji wa Njombe akanunua, akaleta na dada yake. Nilipaswa kufurahi, na mfukoni nilifurahi. Kichwani kulikuwa na neno moja: hanga halina shingo. Manyoya yale yalikuwa yamesukumwa juu na kitu.

Nikamuuliza. Akasema ni kompyuta. Nikaenda studio bila kuaga, nikakuta koti linaning'inia dirishani, tulivu, kwenye hanga, na yeye anakunywa chai. Aliniambia ndaga, asante ya kwao, kwa kumtembelea, akanivutia kiti. Nikarudi na wasiwasi wangu vilevile nilivyoenda nao.

Ndipo Shamsha wa Iringa akanipigia simu. Shamsha ana duka la nguo pale mjini, la baba yake na babu yake kabla yake, na kwa kununua jumla ana jina: hapandishi bei na hasahau. Alikuwa ameona picha zangu kwenye simu ya mteja wake. Alitaka mzigo wangu wote uliobaki, kwa sharti moja, uwe mpya kweli. Wateja wake wanalipa bei ya dukani, hawalipi bei ya shingo ya mtu mwingine. Kama ingefanikiwa, kabla ya Julai kuisha ningekuwa nimeshamaliza kazi. Kama isingefanikiwa, makoti yangebaki na mimi mpaka joto la Septemba, na mwagizaji wa Kariakoo asingenipa tena mzigo kwa ahadi ya maneno tu.

Niliyapakia kwenye basi, nikashuka nayo stendi ya Ipogolo, chini ya mji, asubuhi, nikapanda mlima mpaka dukani kwake.

"Kamwene, Mama Lea," akasema, maana amezaliwa pale pale na Kihehe chake cha salamu ni kizuri kuliko changu. Akaagiza chai, kisha akasahau kwamba kuna chai. Alitandika makoti mezani, ya kola nyeusi upande huu, ya kola nyeupe upande ule. Nyeusi akazipita upesi. Nyeupe akazigeuza kisogoni, akatoa kichana, akapasua manyoya katikati kabisa, pale ambapo nywele za shingo hugusa. Yalikuwa matatu: kwenye la kwanza kichana kikasita, la pili vilevile, la tatu kikakwama.

Manyoya yalikuwa yameshikana vijishada, kama vya mwanakondoo aliyelowa. Akayanusa. Akanipa nami ninuse. Mafuta ya nazi.

"Limejaribiwa sokoni," nikasema. "Watu wana mikono."

"Mikono haipaki kisogoni tu, mama." Akachukua simu yake, akanionyesha picha zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, mwalimu, mke wa mchungaji, dada yake, wengine. "Tazama hapa, chini ya sikio la kushoto."

Nikatazama. Mwalimu alikuwa mweusi, mke wa mchungaji maji ya kunde, na shingo za kila mmoja zimepakwa rangi ya uso wake. Lakini kila mmoja alikuwa na kidoa cheusi kilekile mahali palepale, na vinyweleo vilevile viwili vilivyojikunja kuelekea kolani.

"Hawa wote ni ukoo mmoja?" Shamsha akauliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya.

Kidoa kile nilikijua. Nilikuwa nakiona kila Atuganile alipoinama kuniwekea mezani kitambulisho chake cha rehani.

Hapo nikaelewa kazi ilivyofanyika. Pagumu ni pale manyoya, shingo na nywele vinapoingiliana. Atuganile hakupashona kabisa. Alilivaa koti la kola nyeupe mwenyewe, nyeusi akizipaka rangi baadaye kwenye kompyuta, akavaa wigi linalofanana na nywele za mteja, akajipiga picha dirishani, ili kola, shingo na nywele viunganike vyenyewe, kama Mungu alivyopanga. Kisha akapeleka mshono juu, kwenye taya, ambapo uso una ukingo safi, akabandika uso wa mteja. Nusu ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwa inanunua shingo ya binti wa Tukuyu.

Shamsha akaikumbuka chai yake, akainywa ikiwa imepoa. Alichukua kola nyeusi zote, kwa bei niliyoitaja mimi kwa sauti ndogo kuliko niliyokuja nayo. Nyeupe akazirudisha. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, huyo mpiga picha anaitwa nani.

Niliporudi Mbeya sikumfokea. Niliweka koti mbele yake, nikapasua manyoya kisogoni.

"Nilisema yasivaliwe."

"Ulisema, mama. Na ulisema yauzike." Hakushusha macho. "Ningetoa wapi shingo nyingine?"

Alikubali kuziosha kola zote tatu nyeupe. Maji baridi, sabuni kidogo sana, kolani tu, kukausha kivulini, kuchana zikiwa na unyevu kidogo. Mbili zilirudi laini, nikaziuza sokoni kwa watu waliozishika kwa mikono yao. Ya tatu ilikuwa ile ya maziwa, aliyoichagua siku ya kwanza. Hapo alikuwa na haraka, akatumia drayer ya kukaushia nywele. Manyoya bandia ni plastiki. Ncha zikajikunja, zikawa ngumu kama nywele zilizoguswa na moto wa mshumaa, na zikishajikunja hakuna kichana kinachozirudisha.

Nikampa hilo. Ndilo lilikuwa neno letu, koti la maziwa msimu ukiisha. Akalivaa pale pale mbele yangu, kwa mara ya kwanza waziwazi, ncha zikimchoma shingoni, akasema ndaga. Kitambulisho chake nikamrudishia.

Wiki iliyofuata alikuwa Iringa. Shamsha amempa chumba nyuma ya duka na makoti mawili ya kuvaliwa tu, yasiyouzwa. Picha zake sasa ni nzuri kuliko zangu zilivyowahi kuwa, na amejifunza kufuta kile kidoa.

Nimebaki na swali ambalo sijamuuliza yeyote. Kati ya makoti yote yale, Shamsha alijuaje kupeleka kichana kisogoni, kwenye nyeupe tu? Labda ni uzoefu wa duka la babu. Labda mtu alimpigia simu kabla yangu, mtu aliyechoka kuvaa makoti kwa siri na alitaka mahali pa kuyavaa kwa halali. Nikimpigia Shamsha kuhusu mzigo wa mwakani, ananijibu vizuri, ananunua nyeusi, na simuulizi. Mteja anayelipa haulizwi yote.

Atuganile aliwahi kunitumia ujumbe: niondoe picha za zamani kwenye stetasi, shingo ni yake. Nikamjibu kwamba nyuso si zake na makoti yalikuwa yangu, tuhesabu vizuri nani amdai nani. Picha bado ninazo, na Juni ikirudi nitaziweka tena.