Darasa Lililojaa la Usoke

Nilichokitaka pale Usoke ni mwalimu wa pili, basi. Darasa la kwanza lilijaa hadi watoto wengine walikaa kizingitini, mgongo nje, uso ndani. Kila siku nilimaliza kazi sauti imekauka na mkono umechoka kwa fimbo. Mkaguzi wa shule za misheni, aliyetujia kwa treni kutoka Tabora, alinijibu kwa upole uliochosha.

"Mwalimu, kila shule inalia hivyo. Lichunguze darasa lako, uniandikie kinacholiharibu na ulichojaribu. Nikiridhika, nitakuombea mtu."

Nikaanza kuangalia badala ya kugomba. Nilichokiona kiliniudhi: makelele hayakuanza wakati wa kusoma. Yalianza nilipogawa vibao vya kuandikia, kimoja kimoja, huku wote wakiningoja, na yalirudi waliomaliza hesabu mapema walipokosa la kufanya. Sikuwapa kazi, wakajipa wenyewe.

Nikawapanga kwa safu, kila safu na kiranja wake. Hapo nikakosea kama Mnyamwezi yeyote aliyekulia kwenye kilimo cha pamoja: nikachagua wenye misuli, kama tunavyomchagua wa kutangulia na jembe. Kufika Ijumaa wadogo walikuwa wanalia, maana viranja walishajikatia fimbo zao. Nikawavua wote ukiranja, nikaweka zamu, kila wiki mtoto mwingine, hata yule mwoga asiyesema. Fimbo yangu nayo nikaiweka juu ya kabati. Si kwa huruma. Niliona tu kwamba nikiiinua nanyamazisha safu moja na kuziamsha nyingine.

Viranja wakawa wanapanga vibao kabla ya kengele. Nusu ya darasa iliandika mchangani mbele ya mlango, nusu ikasoma ndani, kisha wakabadilishana, nami nikisimama mlangoni niwaone wote. Nikipiga makofi, wote mikono magotini. Aliyemaliza mapema alimsaidia jirani yake. Kuwazoesha kulinitoa jasho, na nguvu zenyewe sikuwa nazo. Lakini kelele zilipungua, na wasiojua kuandika majina yao wakayaandika.

Niliyaeleza yote kwenye taarifa, na mwishoni nikasema darasa ligawanywe, kwa kuwa hata hivyo siwezi kusahihisha kazi ya kila mtoto.

Mkaguzi alirudi, akakaa nyuma asubuhi nzima. Watoto walifanya vizuri mno. Natamani wangeniaibisha kidogo. Alinishika mkono, amefurahi kwelikweli.

"Hongera, mwalimu. Yule mtu niliyekuombea nitampeleka Urambo, kule hali ni mbaya. Wewe umeliweza."

"Bwana mkaguzi, nimeliweza, lakini nimechoka."

"Utazoea tu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimsindikiza stesheni nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Jumatatu wakaja watoto wapya. Wazazi wao walisikia kwamba kwangu wanajifunza.

"Shikamoo, mwalimu," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba," nikaitikia, nikaanza kutafuta pa kuwaketisha.