Shahidi wa Mwakitolyo na Barua ya Mfanano

Kazi ya kuchuja makala nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma miongozo ya wahariri hadi ikanikaa kichwani. Jarida letu ni dogo, la chuo kimoja cha hapa Shinyanga mjini, na mimi ni mhariri msaidizi. Kila makala inayoingia hupitia mpangilio uleule: natazama kama inahusu mambo yetu, kama kibali cha utafiti kimeambatishwa, kisha naipitisha kwenye programu inayoilinganisha na maandishi yaliyokwisha kuchapishwa. Programu hutoa asilimia ya mfanano na kupaka rangi sehemu zinazofanana. Asilimia hiyo peke yake haihukumu mtu. Naondoa orodha ya marejeo na nukuu, halafu nasoma kila sehemu yenye rangi: maneno ni ya nani, yako wapi katika makala, na chanzo kimetajwa?

Mwalimu mmoja wa chuo cha Geita alituletea makala kuhusu wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo na namna wanavyogawana viroba vya mawe ya dhahabu. Ilikuwa makala nzuri, lakini ripoti ilijaa rangi. Nikamwandikia barua pepe ya kawaida: ripoti hii hapa, tafadhali eleza kila sehemu na urekebishe inapobidi, ndipo tuamue kama itakwenda kwa wahakiki. Bila makala hiyo, jalada lake la kupanda cheo lisingekamilika mwaka ule.

Alijibu kwa kutuma makala upya, bila maelezo hata mstari mmoja. Alikuwa amebadili maneno. Wachimbaji wadogo wamekuwa “wachimbaji wafupi”, viroba vimekuwa “mifuko isiyo mikubwa”, na duara, yaani shimo la kuchimbia, limekuwa “tundu la mviringo”. Asilimia ilikuwa imeshuka kweli. Nikamjibu kwamba hatukuomba asilimia ishuke, tuliomba maelezo.

Siku chache baadaye alitokea ofisini, tai shingoni, akiongozana na mzee mwenye mabuti yaliyokauka tope.

“Shikamoo, mzee,” nilisalimu.

“Marahaba. Wewe ndiye uliyemkamata mwalimu?”

“Hajakamatwa, mzee.”

“Mimi ndiye mwenye duara. Nimekuja kumtolea ushahidi. Huyu kakaa kwangu jua na mvua, anauliza maswali mpaka watu wanamkimbia. Hakuiba hata kokoto.”

Mwalimu akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, ikithibitisha kuwa mhusika ana tabia njema.

“Nashukuru, Mwalimu,” nikasema. “Ila hatukuulizia tabia.”

Nikafungua ripoti. Rangi nyingi zilikuwa kwenye sehemu ya mbinu za utafiti.

“Haya maneno ya nani?”

“Yangu! Ni tasnifu yangu ya uzamili!”

“Najua, iko mtandaoni kwenye maktaba ya chuo kikuu ulichosoma. Umesema wapi kwamba makala imetokana nayo?”

Mzee akamgeukia mwalimu. “Kumbe umejiibia?”

“Hajajiibia, mzee. Ila msomaji ana haki ya kujua kipi ni kipya na kipi kilishaandikwa.”

Kisha zikaja aya mbili za historia ya eneo.

“Hizo nimemtaja mwandishi wake,” mwalimu alisema haraka.

“Umemtaja kwa hoja zake. Maneno nayo ni yake, moja baada ya jingine, na hakuna alama za nukuu.”

Akasoma akisogeza midomo, akasoma tena. “Nilinakili wakati nasoma. Baadaye nikadhani ni maneno yangu.”

“Basi andika hivyo hivyo.”

“Niandike kwamba nilikosea? Si ndiyo watanimaliza!”

“Mhariri mkuu akiona sehemu, chanzo, sababu na ulichorekebisha, ana kitu cha kupima. Akiona wachimbaji wafupi, anaona mtu anayejificha.”

“Wafupi?” Mzee aliinuka kitini. “Nani mfupi? Mwalimu, umewaandika vijana wangu wafupi?”

Ilichukua muda kumtuliza.

Barua ya mwalimu ilifika kabla ya muda tuliompa kwisha, bila muhuri. Ilikwenda sehemu kwa sehemu kufuata ripoti. Mbinu zimetoka kwenye tasnifu yake. Amezifupisha, ameitaja, na ameeleza mwanzoni kwamba makala imetokana nayo. Aya mbili alizinakili kwa uzembe. Moja ameiandika upya kwa maneno yake na kumtaja mwandishi, nyingine ameiacha kama nukuu. Majina ya taasisi na vifungu vya kawaida vya kitaaluma hakuvigusa, na alisema kwa nini. Makala aliambatisha na mabadiliko yameonyeshwa. Wachimbaji walikuwa wamerudia udogo wao. Mhariri mkuu alisoma yote, akaridhika, nasi tukaipeleka mbele.

Mzee alinipigia simu.

“Mwalimu kaachiwa?”

“Makala imetoka kwangu, mzee. Sasa iko kwa wahakiki wawili.”

“Wawili!” Akaguna. “Nije tena na barua?”

“Hapana. Hao hata jina lake hawaambiwi.”

“Sasa hao,” akasema, “nitawaambiaje kwamba ni mtu mwema?”