Mzigo Salama

Mie nina mdomo, sikatai. Lakini siku ile mdomo wangu ulinichongea kwa neno moja la adabu.

Nilikuwa mtunza stoo wa duka la jumla Tegeta. Mwenye duka, mama mtu mzima ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Uarabuni, sote tulimwita Bimkubwa. Wiki hiyo alisubiri katoni za asali ya chupa kutoka Tabora. Mtunza stoo aliyenitangulia alisaini mzigo mbovu bila kusema kitu, akaondolewa kazini. Mie nilikwishaambiwa: "Likijirudia, mwanangu, tutaachana kwa wema." Nina watoto wawili. Huo wema niliuogopa kuliko matusi.

Lori likafika mchana. Makuli wakaanza na katoni za juu, kavu, safi. Simu ikalia, ujumbe wa kaka mmoja wa ofisi ya usafirishaji: "Habari dada, mzigo salama?" Nikajibu bila kufikiri: "Salama kaka, za huko?"

Dakika kumi hazikupita, wakafika safu ya chini. Katoni tisa zimelowa, zimebonyea, chupa zinalia ndani. Nyuki wakaanza kujikusanya. Dereva ananisukumia hati ya kupokelea mzigo: "Saini sista, nimeziba barabara."

"Sisaini hivi hivi!"

Nikaandika juu ya hati: katoni tisa zimelowa na kupasuka, chupa zimevunjika. Akafoka, akanuna, mwisho akasaini pembeni na kuniachia nakala. Nikapiga picha: kila katoni pande zote, lebo, kisha chupa baada ya kufungua. Sakafu ya lori sikuipiga. Nilipokumbuka, lori lilishafika mbali, nami nikajilaani mpaka basi.

Jioni ile ile nikaandika barua pepe moja kwa wote wawili, msafirishaji na kikundi cha kina mama wa Tabora waliotuuzia. Nikaambatanisha picha na hati, nikaomba utaratibu wa madai na fomu yake, nikasema katoni tumezitenga, hazitatupwa mpaka mtu aje kuzikagua.

Kina mama wakajibu asubuhi. Walituma picha walizopiga wakati wa kupakia: katoni kavu, zimepangwa vizuri. Kaka wa usafirishaji naye akajibu, kwa mistari miwili. Alinirudishia ujumbe wangu mwenyewe. "Ulithibitisha kwa maandishi mzigo ni salama. Uharibifu ulitokea wakati makuli wenu wakishusha."

Damu ilinichemka, wallahi. Kisha ikapoa ghafla, maana Bimkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma.

"Uliandika salama?"

"Nilikuwa naitikia salamu, Bimkubwa."

Akarudi kaunta. Afadhali angenitukana.

Nikazifungua picha upya, moja moja, na hapo nikaona kitu ambacho siku ile kwa hasira sikukiona. Kwenye katoni zilizolowa asali ilikuwa imeganda na vumbi jekundu, tabaka nene. Tegeta kwetu ni mchanga mweupe. Vumbi lile lilitoka njiani, na asali ilikuwa imevuja kabla halijaingia. Nikazituma tena nikiwa nimezungushia duara mahali penyewe. Kimya. Siku mbili, kimya.

Siku ya tatu nikampigia kaka yule wa usafirishaji. Nilishapanga maneno yote makali. Lakini hupigi simu ukaanza kumtukana mwenzio, kuna salamu kwanza.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Salama tu, dada."

"Wote wazima?"

Nikasikia akivuta pumzi. "Mama amelazwa. Wiki ya pili sasa."

Maneno yangu yote makali yakaniishia. "Pole sana, kaka. Mungu amponye." Nilimaanisha. Lakini watoto wangu nao walitaka kula, na Bimkubwa alikuwa kaunta pale anatega sikio. Nikasema taratibu, "Mama yuko kitandani, nawe umeniambia nyumbani salama."

Nilisikia mtu akimwita ofisini kwao, hakuitika.

"Fomu nakutumia leo," alisema mwishowe. "Ijaze, weka ankara, hati na picha. Kesho mkaguzi atakuja kuzitazama katoni. Usizisogeze."

"Asante, kaka."

Bimkubwa akanyanyua kidole gumba kutoka kaunta, akirudi kwa wateja wake. Kazi yangu ilikuwa imepona. Mie nikabaki na simu mkononi, nimeshinda, na naona haya kwa jinsi nilivyoshinda. Hata hospitali gani sikumuuliza.