Karma ya Selipher

Nimekaa chumba kimoja na wanawake wengi katika miaka yangu ya Saudia. Ninayejivunia kumfahamu ni Selipher, na sababu yenyewe ni nyonga ya mwanamke asiyempenda.

Tulikutana Riyadh mwaka 2012, nyumba moja, mimi mpishi. Nilikuwa nimesomea ualimu, kwa hiyo aliniita Mwalimu hata mikono yangu iliponuka vitunguu. Yeye alimtunza mama mzazi wa bosi, mwanamke mkali wa ulimi. Siku moja bangili ya mama ikapotea, akasema Selipher ameiba. Wakampekua hadi kwenye nywele, wakamnyang'anya simu miezi minne. Bangili ikaonekana ndani ya kochi. Simu ilirudi. Neno la pole, mafi, hakuna.

Mwaka 2014 mama akapatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na familia ikahamia Jeddah kwa binti wa mama huyo. Nasi tukabebwa pamoja na masufuria. Mkataba wa Selipher ulikuwa umebakiza wiki tatu. Daktari alisisitiza jambo moja: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atapata vidonda vya kitandani. Karatasi ya kuandikia saa ikabandikwa mlangoni.

Adhuhuri moja nilimpelekea mama supu. Alikuwa amelalia ubavu uleule wa asubuhi, na karatasi ilikuwa imejazwa vizuri. Nikafunua shuka. Kwenye nyonga palikuwa na doa jekundu. Nikalibonyeza kwa kidole, wekundu haukutoka, dalili ya kidonda kinachoanza. Mama alinitazama kwa jicho moja, ulimi wake wote ule umenyamaza.

Jikoni nilimkuta Selipher akichekacheka na simu. Kwenye mlango wa nyuma alikaa Sridharan, dereva wetu kutoka Kerala, akinywa chai katika kikombe kilichotupwa na binti wa bosi, kilichoandikwa kwa Kiingereza: fuata dharma yako.

"Selipher, umemgeuza mara ngapi leo?"

"Mwalimu, wacha karma ifanye kazi yake," alijibu. "Malipo ni hapa hapa duniani. Alinitesa, sasa amelipwa. Mimi nani nizuie? Dharma yangu ni saluni, Kakamega. Si hata kikombe kimesema nifuate ndoto yangu?"

Sridharan alicheka hadi chai ikamwagika. "Sista, hayo ni ya Kiingereza cha simu. Shuleni kwetu nilisoma Kisanskriti miaka sita. Karma maana yake tendo. Unalotenda kwa kukusudia linaacha mbegu kwako mwenyewe. Mbegu inaiva lini? Pengine maisha haya, pengine utakapozaliwa tena. Si polisi anayekamata watu wiki hiyohiyo. Wewe unajuaje kiharusi hiki ni tunda la bangili?"

"Basi ni la nini?"

"Sijui. Nawe hujui. Ya bangili alitenda yeye, ni yake. Ya leo, kumwacha alale pale na kuandika uongo, unatenda wewe. Hiyo ni karma yako."

Selipher aliweka simu chini. "Na dharma?"

"Inatoka kwenye neno la kushikilia. Ni kile kinachoshikilia dunia isianguke. Mtoto ana yake, dereva ana yake, anayetunza mgonjwa ana yake. Na ipo ya watu wote, kutodhuru, kusema kweli. Haiulizi unapenda nini." Akakitazama kikombe. "Lakini ujue, kwa neno hilohilo walimzuia babu yangu nje ya lango la hekalu, eti tabaka lake halifai. Neno zuri linaweza kushikwa na mikono mibaya."

"Kwa hiyo nimsamehe?" Sauti ya Selipher ilipasuka. "Walinivua nguo, Sridharan!"

"Kusamehe ni kwa kanisa lako. Mimi nimesema mgeuze tu."

Selipher akafuta machozi kwa kanga, akaenda chumbani kwa mama. Nilimfuata. Alimgeuza mama taratibu, akaweka mto katikati ya magoti, akachukua kalamu akafuta saa zote za uongo. Tangu hapo hakukosa hata zamu moja. Siku ya nne nilibonyeza tena: ngozi ikawa nyeupe, kisha damu ikarudi. Doa lilikuwa linapona.

Mama hakuomba radhi, hata kwa jicho. Madam, mke wa bosi, alimbembeleza Selipher aongeze mwaka. "Halas, madam, yatosha," alisema, na siku mbili za mwisho akamfundisha Damaris, msichana mgeni, jinsi ya kugeuza bila kuburuta ngozi.

Sridharan ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Niliomba ruhusa nikawasindikiza.

"Sasa niambie," Selipher alimtania, "kwa kazi ile nitalipwa tunda gani?"

"Umeanza tena!"

Akacheka, akabeba begi lake, akaingia ndani kichwa juu. Niliporudi nyumbani, kabla ya kushika sufuria, niliingia kwa mama nikafunua shuka. Ngozi ilikuwa nzima.