Kadi Iliyojaa

Dereva wetu mpya alinipigia simu kutoka Kenol wakati wa chai ya saa nne. Nilitoka nje ya staffroom na kikombe mkononi.

"Mwalimu, hii camera iko na shida," alisema. "Inalia ati card imejaa. Kuna kijana wa kutengeneza simu hapa anasema tu-format iendelee."

"Usiguse," nikamwambia. "Chomoa waya ya camera, uiache hivyo hivyo mpaka ufike Nyeri."

Aliitikia, lakini kwa sauti ya mtu anayemuitikia mwanamke asiyejua magari. Nikampigia tena. Hakupatikana.

Kamera ile ya kurekodi barabara niliifunga mimi mwenyewe kwenye kioo cha mbele cha lori la baba, na nilijua haiwezi kujaa hivi hivi. Kadi ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ya simu. Iliandikwa na kuandikwa juu yake kutwa nzima hadi ikachoka, na kamera ikawa inagandaganda. Nikanunua ile ngumu iliyotengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Nikachagua picha ya wastani badala ya ile kali zaidi inayomaliza nafasi, kwa sababu safari ya kubeba mbuzi kutoka Doldol ni ndefu. Nikaiweka irekodi vipande vya dakika tatu tatu, na nafasi ikiisha ifute kipande cha zamani zaidi na kuendelea. Kadi ya namna hiyo haijai, isipokuwa kwa njia moja.

Kamera ina kihisi cha mtikiso. Gari likigutuka, hudhani ni ajali, hulia mlio mmoja, na kukifungia kipande hicho kisifutwe. Sasa mwambie hivyo mtu wa barabara ya murram, isiyo na lami. Kila shimo la Doldol lilikuwa ajali. Vipande vilivyofungwa vilirundikana mpaka kamera ikakosa pa kuandika na kugoma. Nikavifuta, nikashusha kihisi mpaka chini kabisa, nikamkataza baba asikiguse.

Hakufurahi. Alisema kamera imenyamaza kama mke aliyenuna, na kwamba ule mlio ulikuwa unampa kampani. Nikamjibu kimwalimu kwamba mkaidi hafaidi ila siku ya Idi. Akacheka tu.

Baba alifariki mwezi uliofuata, usingizini, nyumbani kwake. Lori likakaa uani, kamera imezima, mpaka tulipomaliza mazishi na kumwajiri dereva. Tangu hapo limekuwa likibeba kabeji kwenye lami tu. Vipande vya kawaida vya siku za baba vilikuwa vimeshafutwa na vipya zamani, na mimi, Mungu anisamehe, sikuwa hata nimevifikiria.

Ila lami haijazi kadi; matuta yake huongeza vipande vichache tu. Kama imejaa, basi imejazwa na murram. Na kwenye murram hakupita mtu mwingine ila baba. Alikuwa amekipandisha tena kihisi, mzee yule, na vipande vyake vilivyofungwa bado vilikuwemo.

Na format haichagui. Hufuta vyote, vilivyofungwa na visivyofungwa.

Sikumbuki nilichofundisha baada ya hapo. Nilimwomba mwenzangu anishikie darasa la mchana, nikaenda kusimama kwenye kituo cha mafuta ambapo lori lazima lipite. Niliketi, nikainuka, nikanunua maji nisiyoyataka. Kila lori la buluu kama letu lililotokea lilinipandisha roho na kuishusha. Simu yake bado haikupatikana. Nilimchukia mtu ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Liliposimama mwishowe, nilipanda kabla hajazima injini. Waya ulikuwa unaning'inia. Alisema simu yake iliisha chaji, na kwamba yule kijana alimcheka sana kwa kukataa.

"Nilimwambia mwenye gari amesema isiguswe," akasema. Nikamshukuru mpaka akaona haya.

Nilinunua kadi nyingine mjini, aina ile ile, nikaiformat ndani ya kamera na kushusha kihisi mpaka chini. Kazi ni kazi.

Ile ya zamani niliifungua kwenye laptop nyumbani. Kabla ya kutazama chochote nilivinakili vipande vyote, kisha nikanakili nakala, na hadi leo huamka kuhakikisha bado zipo. Kipande cha kwanza kilikuwa barabara nyekundu, vumbi, mbuzi wakilalama nyuma, na baba akiimba wimbo wa kanisani, akiikosa sauti kidogo kama kawaida yake. Kisha gari likazama, kamera ikalia.

"Umeona hiyo shimo?" baba akaiuliza kamera. "Haya, weka."

Kipande cha pili, wimbo mwingine, shimo lingine, mlio.

"Na hiyo? Umeona?"

Nilikuwa peke yangu sebuleni.

"Nimeona, baba," nikasema.