Alhamisi ya Lasiyem

Jirani yangu Lasiyem hupika apem kwa ajili ya wafu wa kijiji kizima. Apem ni mkate wa unga wa mchele na tui, ndugu wa kitumbua, na kwetu huku upande wa Ponorogo hakuna hitima inayosimama bila apem. Mtu akifa, kabla hata jeneza halijatoka kwa fundi, utasikia, "Mwiteni Lasiyem." Naye atakuja, kanga kiunoni, sauti imemtangulia, akitukana kuni mbichi na kusifu wanawe.

Wana wenyewe alikuwa naye mmoja tu, Ruminah. Lakini ukimsikia akimsema, ungedhani ni kumi.

Ruminah alikulia chini ya meza ya jiko hilo. Watoto wengine walihesabu mawe, yeye alihesabu hitima: siku ya tatu, ya saba, ya arobaini, ya mia, mwaka, mwaka wa pili, na ya elfu, ambayo ndiyo ya mwisho. Baada ya hiyo jiwe huwekwa kaburini na marehemu huachwa apumzike. Msichana yule akiwa na meno ya utoto alishaweza kukuambia hitima ya babu yako itaangukia siku gani ya wiki na siku gani ya soko, maana kwetu kila siku ina pia jina la soko, moja kati ya matano yanayozunguka. Alipokua alikwenda Taiwan kumtunza mzee mmoja aliyepooza, kama wanavyokwenda nusu ya wasichana wetu. Miaka minne alituma salamu kila Ijumaa. Kisha ini likamsaliti.

Habari ya kifo ilikuja kwa simu, Alhamisi ya soko la Pahing. Aliyepiga ni Yatmi, msichana wa kwetu na rafiki yake wa huko huko, aliyekuwa kando ya kitanda. "Sasa hivi, Mak," alimwambia Lasiyem akilia; Mak ndiyo mama kwetu. "Ametoka mikononi mwangu sasa hivi." Nilikuwepo. Nilimshika Lasiyem asianguke, na jua lilikuwa bado linatuchoma kisogoni.

Pak Kasbolah, modin wetu, yaani yule anayeosha maiti, kuongoza dua na kupanga siku za hitima, aliuliza swali lake la kawaida: "Ilikuwa kabla ya magharibi au baada?" Maana siku huanza jua likizama, hilo halihitaji kuelezwa. Anayekufa Alhamisi alasiri ni wa Alhamisi, na anayekufa baada ya adhana ya jioni ile ile ni wa Ijumaa. Tukamjibu kwa pamoja, mimi na Lasiyem, kwamba jua lilikuwa bado juu. Baadaye jeneza likafika na cheti cha kule, nacho kikasema Alhamisi. Mashahidi wawili, jua letu na karatasi, na wote wanasema kitu kimoja. Nani angekuwa na shaka?

Basi hitima zote zikahesabiwa kutoka Alhamisi. Lasiyem, aliyewapikia wafu wa watu wote, alipika za mwanawe bila msaidizi jikoni. Mimi nilimkunia nazi tu. Kila mara aliweka sahani moja kwenye kitanda cha Ruminah: wali, kipande cha kuku, apem tatu, na chai yenye sukari nyingi. Tunaamini marehemu hupita nyumbani siku yake. Usiniulize kama ni kweli. Niulize kama nimewahi kumwona Lasiyem akisahau sahani hiyo, nami nitakuambia sijawahi.

Ya elfu ikakaribia. Hesabu iliangukia Jumanne ya soko la Legi, kwa hiyo dua ingesomwa Jumatatu baada ya magharibi, usiku wa kuamkia Jumanne. Watu walialikwa. Sarmo, fundi mawe, alishachonga jina na siku: Alhamisi Pahing. Na Yatmi, mkataba wake umekwisha, akarudi nyumbani Jumapili na moja kwa moja akaja kutusaidia. Msichana mnene mwenye moyo mweupe, aliyeleta begi zima la biskuti.

Jumatatu asubuhi tulikuwa watatu jikoni. Yatmi alikuwa anamenya vitunguu na kusimulia, kwa sababu Lasiyem alimtaka asimulie. Akasema juu ya wadi, juu ya nesi mmoja mpole, juu ya baridi.

"Akaniambia, Yatmi, nenda kaswali magharibi kwanza, mimi siendi popote," alisema. "Nikaswali pale kwenye kona ya ngazi. Niliporudi bado alikuwa macho. Nikamsomea Yasini, nusu tu..."

Kisu changu kikasimama. "Uliswali nini?"

"Magharibi, bibi."

"Uliswali alasiri, wewe. Ulipotupigia jua lilikuwa hapa kisogoni."

"Hapa kwenu, bibi! Kule mwezi wa kumi na mbili jua lina haraka kuliko mwizi. Saa kumi na moja na ushei tu giza limeingia. Na saa zao zimetutangulia kwa saa nzima. Nilipowapigia kule taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka zamani."

Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yakimwagika hayazoleki. Lasiyem aliweka mwiko chini. Mwanamke aliyepanga hitima za watu maisha yake yote hakuhitaji mtu wa kumkokotolea.

"Kwa hiyo ni Ijumaa," alisema. "Kafa Ijumaa."

"Mak, lakini cheti..."

"Cheti ni cha serikali, mwanangu. Siku ya serikali inageuka usiku wa manane, watu wamelala. Ingemwandikia Alhamisi hata angekufa baada ya isha." Akakaa juu ya gunia la mchele. "Zote nilizipika siku moja kabla. Zote. Siku yake alipokuja kweli, nilikuwa nimeshaosha vyombo. Kaja kwao, kakuta kitanda kitupu."

Nilimwambia mambo ya kijinga, kama watu wanavyosema. Kwamba roho haina kalenda, kwamba asijitese. Akanitazama mpaka nikanyamaza. Nilimpenda sana saa ile na sikuwa na cha kumpa, hilo ndilo lililoniudhi.

Tulimwita Pak Kasbolah. Alikuja na kofia mkononi, akasikiliza, akamuuliza Yatmi mara mbili, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kosa ni langu, dada Lasiyem. Niliuliza magharibi bila kuuliza magharibi ya wapi. Mtu akifunga Taiwan hafuturu kwa adhana ya Ponorogo, anafuata jua lililo juu ya kichwa chake. Na kufa ni hivyo hivyo. Ni Ijumaa Pon."

"Na dua za nyuma?"

"Zimefika. Dua si basi, useme limekuacha. Na tazama upande mwingine: kafa usiku wa Ijumaa! Wangapi tunauomba usiku huo na hatuupati?"

"Kwa hilo nashukuru," alisema Lasiyem. "Mungu najua ataelewa. Mimi nasema habari za mtoto. Mtoto haelewi, mtoto anaona sahani haipo."

Modin alisema tu kwamba ya elfu kwa haki ni Jumatano Pahing, kwa hiyo dua iwe kesho jioni, naye atapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Akaenda. Sarmo naye akapelekewa habari, akashika kichwa akisema tangu lini jiwe likafutwa kama ubao wa shule. Lasiyem akainuka, akaanza kuvuta kuni kutoka jikoni, moja moja, ili moto ufe.

Hapo ndipo Yatmi alipoanza kulia. Si kulia kwa adabu, kulia kwa kamasi.

"Mak, kuna neno lingine. Sikulisema kwenye simu kwa sababu lilikuwa kama mzaha, na mtu hapelekei mama mzaha siku ile."

"Sema."

"Nilipomaliza kuswali aliniuliza, kwetu saa ngapi sasa? Nikahesabu, nikamwambia saa kumi na nusu. Akacheka. Kweli, Mak, alicheka, ingawa midomo ilikuwa imekauka. Akasema, basi nikifa sasa hivi mimi ni wa Ijumaa, na mama atanihesabia Alhamisi. Pak Kasbolah atauliza magharibi, na mama ataangalia jua lake."

Lasiyem aliuacha ukuni aliokuwa anauvuta.

"Nikamwambia, nitamweleza mama. Akasema, usimchanganye. Mwache ahesabu anavyoona. Siku atakayopika ndiyo nitakayokuja."

Nazi ilikuwa imenielemea mkononi na sikujua niiweke wapi. Lasiyem alifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakatikisika, nami nikadhani sasa tumempoteza. Alipoufunua, alikuwa analia na kucheka kwa mpigo mmoja.

"Mjuaji yule!" alisema. "Anakufa, na bado ananirekebisha hesabu! Alikuwa hivyo tangu ana miaka sita, ananisahihisha mbele ya wafiwa wa watu!" Kisha akageuka akanifokea mimi: "Na wewe umekaa kama sanamu ya nini? Rudisha kuni!"

"Lakini modin amesema kesho."

"Modin amesema kweli. Jiwe liandikwe Ijumaa, nataka jiwe liseme kweli, watu wasiomjua watalisoma. Lakini kupika ni leo. Mwenyewe kasema atakuja siku nitakayopika, na mimi nilishamwambia ni leo."

Yatmi akatumwa kumkimbilia Pak Kasbolah, aliyekuwa ameshafika nyumba ya tisa. Wanasema alisimama katikati ya njia, akavua kofia, akaivaa, akasema, "Wanawake wa nyumba ile watanizika mimi kabla ya siku yangu, na wataikosea." Lakini aligeuka, akaanza kupita upya nyumba zile zile, huku watu wakimtania madirishani: "Pak Modin, leo, kesho, au mtondogoo?"

Walikuja wote. Baada ya magharibi wanaume walijaa mikekani hadi barazani, na sauti za tahlili zikatikisa bati. Nyuma sisi wanawake tulipanga chakula kwenye majani ya migomba, apem juu ya kila fungu. Pak Kasbolah alipofika kwenye jina alilitaja kwa ukamilifu, Ruminah binti Lasiyem, aliyefariki usiku wa Ijumaa, na kishindo cha amina kikafika mpaka jikoni.

Lasiyem alichukua sahani akaenda chumbani. Nilimfuata na chai. Aliiweka sahani kitandani, akaligeuza lile paja la kuku litazame upande wa mto, akanyoosha shuka. Kisha akaketi ukingoni, mahali ambapo mama huketi mtoto anapokula.

"Haya, mwanangu," alisema. "Hesabu umeshinda wewe. Kula."