Waraka wa Kuizika Ripoti ya Wiki

Mkubwa wake alipomwagiza aandike waraka wa kuifuta Ripoti ya Wiki ya Akiba ya Dawa, Bi Ripoti aliitika "sawa" kwa sauti iliyokauka. Miaka kumi na tisa ameikusanya ripoti hiyo. Vituo vya afya kumi na vinne, kila wiki: dawa zilizopokelewa, zilizotolewa, zilizokwisha muda, zilizobaki. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwa karani wa mishahara peke yake.

Tusidanganyane, ripoti yenyewe ilikuwa imezeeka. Ilifika mezani Ijumaa ikisimulia habari za Jumatano. Kituo kiliweza kuishiwa dawa Jumamosi, na makao makuu yakajua siku sita baadaye. Bi Ripoti alilijua hilo kuliko wote. Kilichomuuma ni simu ya Alhamisi.

Vituo vingine vilituma takwimu kwa barua pepe. Kituo cha mlimani tu ndicho kilichozisoma kwa simu, Alhamisi saa nne asubuhi, maana huko hakukuwa na mtandao. Mtunza stoo wake, mgane mwenye maneno ya taratibu, alisoma mistari arobaini kwa muda wa saa nzima, kwani kati ya glavu na sindano alimuuliza Bi Ripoti: goti limepoa? Na yule binti yako kajifungua salama? Walikuwa wameonana mara mbili tu, kwenye semina. Lakini Alhamisi Bi Ripoti alijipaka wanja, mwanamke mzima, mjane wa miaka tisa, kwa ajili ya kupokea simu! Haya, mambo ya moyo hayana mwalimu.

Akaketi akaandika. Ripoti ya mwisho ni Ijumaa tarehe 27. Kuanzia Jumatatu tarehe 30, kila kituo kitaingiza dawa kwenye mfumo wa kompyuta siku ileile inapopokelewa au kutolewa, na makao makuu yataona akiba papo hapo. Kuanzia tarehe 16, kwa wiki mbili, ripoti na mfumo vitakwenda sambamba ili takwimu zilinganishwe. Ripoti za zamani zitabaki masijala. Kisha akaongeza: "Kituo kisicho na mtandao kitaendelea kusoma takwimu kwa simu kila Alhamisi."

Akampelekea fundi wa mfumo aikague rasimu. Fundi, mtu wa kitambi na miwani iliyofungwa kwa gundi, akasoma mpaka mstari huo akacheka.

"Bi Ripoti, huu futa. Kituo kisicho na mtandao hakuna."

"Mlimani je?"

"Mlimani? Si nilipanda mimi mwenyewe kuufunga! Mwaka wa nne huu. Tena una kasi kuliko wetu."

Bi Ripoti alirudi mezani kwake, akakaa na ile karatasi. Miaka minne! Alhamisi mia mbili na ushei, mtu anasoma vidonge kimoja kimoja, na kumbe angebonyeza kitufe akaenda zake kunywa chai. Alitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Furaha ilimjaa mpaka akaona aibu mbele ya kabati la mafaili. Lakini waraka ni waraka, na uongo hauandikiwi namba ya kumbukumbu. Akaufuta ule mstari, mkubwa akasaini, Jumatatu ukatumwa vituo vyote.

Alhamisi saa nne simu ikalia.

"Nimeusoma waraka," alisema mtunza stoo. Hakuanza na glavu. "Habari ya sisi wa simu sikuiona."

"Nilikuwa nimeiandika. Fundi kaniambia mlimani kuna mtandao."

Bi Ripoti alisikia kiti kikilia huko mlimani.

"Njia ya mwongo fupi," akasema yule bwana hatimaye. "Nisamehe, Bi Ripoti. Ule mtandao waliufunga siku ya Jumanne. Nikasema wiki hii nisome tu, nitaanza wiki ijayo. Ikawa wiki ijayo, wiki ijayo."

"Ungetuma tu, bwana. Ungepumzisha koo."

"Ningetuma, na wewe ungenijibu 'imepokelewa'. Basi. Nikirudi nyumbani kwangu hakuna anayeniuliza nimeshindaje."

Bi Ripoti alijikaza, machozi yakamshinda, wanja ukaanza safari.

"Sasa tarehe thelathini ikifika," akaendelea mtunza stoo, "sina mstari hata mmoja wa kukusomea. Nitakupigia niseme nini?"

Alikuwa na jibu la kiofisi, la kumwelekeza kwa fundi. Akalimeza.

"Usipige," akasema. "Tarehe thelathini ni Jumatatu, utakuwa na kazi ya mfumo. Jumamosi yake shuka, uje nyumbani. Nitakuelekeza njia."

"Nije kama nani?"

"Njoo kwanza," akasema Bi Ripoti. "Na mimi jina langu ulijue."